“Vipele vinasambaa, nije au nisubiri?” Namna muuguzi anavyousoma ujumbe wa mama

Simu ya zahanati yetu hupokea ujumbe wa namna hii mara nyingi. Huu nimeutunga kwa kuunganisha jumbe kadhaa, ili asitambulike mama yeyote, lakini hakuna sentensi ndani yake ambayo sijawahi kuisoma:

“Habari za asubuhi dada nesi, samahani kwa usumbufu. Mwanangu ana mwaka 1 na miezi 5. Ametokwa na vipele mwili mzima na vinazidi kusambaa, juzi vilikuwa vichache. Hali vizuri, usiku analia tu. Mama mkwe anasema ni surua, nisimwogeshe. Jirani anasema ni harara. Nimempaka poda. Nije naye au nisubiri kwanza? Nauli nayo ni ya kutafuta.”

Ni Ijumaa, saa 1 asubuhi. Mama huyu anastahili jibu la haraka, na kosa ambalo ni rahisi kulifanya ni kumjibu upesi kwa neno moja: njoo, au subiri. Ujumbe wake bado hautoshi kusema lolote kati ya hayo, na ukiutazama neno kwa neno utaona sababu.

Chukua neno “vipele”. Katika Kiswahili chetu linabeba harara ya joto, tetekuwanga, surua (ukambi, kama wasemavyo Wakenya wengi), upele wa kuwasha, mabaka ya mzio, hata mahali mbu walipouma. Baadhi ya hayo huisha kwa kumwogesha mtoto maji ya kawaida na kumvua sweta. Mengine humlaza hospitalini. “Mwili mzima” nako kuna utata, kwa sababu mtoto aliyeanzia usoni akashuka miguuni ana hadithi tofauti kabisa na aliyeanzia kiunoni na katikati ya vidole. Na “vinasambaa” ndilo neno linalomtisha mama zaidi, ingawa peke yake halisemi hatari. Vipele vingi visivyo na madhara husambaa. Mtu anayejibu anataka kujua vilianzia wapi, vikaelekea wapi, na kwa siku ngapi.

Lakini kabla ya kuuliza lolote kuhusu ngozi, ninauliza kuhusu mtoto mwenyewe. Maswali yangu ya kwanza ni manne: ananyonya au kunywa? Anatapika kila anachomeza? Amepata degedege tangu alipoanza kuumwa? Ukimwita na kumshika anaamka na kukutazama, au amelegea na kusinzia isivyo kawaida yake? Hizi ndizo dalili za hatari ambazo wahudumu wa afya hufundishwa kuzitafuta kwa kila mtoto mgonjwa wa chini ya miaka 5, awe na kikohozi, kuhara au vipele. Ikiwepo hata moja, mazungumzo ya simu yanakoma. Mtoto aletwe sasa hivi, na nauli ikopwe kwa yeyote aliye karibu. Naongeza na pumzi: akivuta hewa kwa shida hata ngozi ya chini ya kifua ikawa inabonyea ndani, naye aje bila kusubiri.

Swali la tano linahitaji bilauri ya kioo. Namwomba mama abonyeze ubavu wa bilauri juu ya vipele na kutazama kupitia kioo. Vipele vingi hufifia vikibonyezwa, kwa sababu wekundu wake ni damu iliyomo ndani ya mishipa midogo iliyotanuka, na ukiikandamiza inasogea. Madoa yasiyofifia yana maana nyingine: damu imeshatoka nje ya mishipa. Kwa mtoto mwenye homa hiyo inaweza kuwa dalili ya vijidudu vilivyoingia kwenye damu, vikiwemo vile viletavyo homa ya uti wa mgongo, na hapo kila saa ina uzito. Kwenye ngozi nyeusi madoa haya hujificha. Mwambie mama apime kwenye viganja na nyayo, kisha avute chini kope ya mtoto atazame ndani yake, na amfungue kinywa aangalie kaakaa. Kifua na mgongo peke yake vinaweza kumdanganya. Na kama kipimo hakionyeshi kitu ilhali mtoto anazidiwa, usikisikilize kipimo. Mlete mtoto.

Jambo hilo la rangi lina athari hata kwa magonjwa ya kawaida. Mafunzo na picha nyingi za vipele vya watoto zinaonyesha ngozi nyeupe, ambapo surua ni nyekundu kama nyanya. Kwa watoto wetu huenda usione wekundu wowote. Unaona ngozi imekuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kidogo, na ukipitisha kiganja polepole unahisi ukwaruzo kama wa mchanga laini. Kwa hiyo namwuliza mama vidole vyake vinahisi nini, na jibu lake mara nyingi linanifaa kuliko picha. Akiweza kutuma picha, nataka apige karibu na dirisha mchana, bila tochi ya simu, moja ya mwili kwa mbali na moja ya karibu, na kabla ya kupaka poda. Poda ya mama huyu ilikuwa imeshafunika nusu ya habari tuliyoihitaji.

Majibu yake yalikuja baada ya dakika 10. Mtoto ananyonya, ingawa kwa kusitasita. Hatapiki, hajapata degedege, anaamka na kulia kwa nguvu. Kwenye bilauri vipele vinafifia. Nilishusha pumzi. Sasa tulikuwa na nafasi ya kuuliza vizuri.

Ninachokitafuta katika hatua hii ni mpangilio wa siku. Kwa vipele vya watoto wadogo, kilichotangulia kina uzito kuliko kinachoonekana leo, na hasa uhusiano wa homa na vipele. Harara haina homa kabisa. Ni jasho lililoziba kwenye vitundu vyake, hukaa shingoni, kwenye mikunjo na mahali nguo inapobana, na mtoto anacheza kama kawaida. Tetekuwanga huja na homa ya wastani karibu sambamba na vipele, na vipele vyenyewe hubadilika: leo kidoti, kesho lengelenge lenye maji, keshokutwa gamba, huku vingine vipya vikiibuka kando yake, hivyo kwa siku moja unaona vya kila umri. Kuna na homa moja ya virusi inayowapata sana watoto wa umri huu, ambayo humchemsha mtoto siku 3 hadi 5, kisha homa inashuka ghafla na ndipo vipele vinatokea. Mama anaogopa akiviona, kumbe vimekuja kuaga. Surua inafanya kinyume: homa hutangulia siku chache pamoja na kikohozi, mafua na macho mekundu, na vipele vikitoka homa haishuki, inapanda.

Mama aliandika hivi, nami naunyoosha kidogo: “Homa ilianza Jumapili. Akawa anakohoa na makamasi, nikajua mafua. Jumanne macho yakawa mekundu yanatoa machozi, hataki mwanga. Siku hiyo hiyo nikanunua amoksilini ya maji duka la dawa. Jumatano jioni vipele vikatoka nyuma ya masikio na kwenye paji. Jana uso wote na kifua. Leo tumbo na mikono. Homa bado ipo, imezidi. Nahisi ni ile dawa imemdhuru.”

Dhana yake kuhusu dawa si ya kupuuzwa. Dawa huleta vipele kweli. Lakini hesabu siku. Mabaka ya mzio wa haraka hutokea ndani ya dakika au saa chache, yameinuka, yanawasha, na huhama: yanapotea mkononi saa 4 na kuibuka mgongoni saa 8. Vile vipele vya dawa vinavyokuja taratibu kwa kawaida huchukua siku kadhaa tangu dozi ya kwanza, na huanzia kiwiliwili. Hapa kulikuwa na siku moja tu kati ya dawa na vipele, vilianzia nyuma ya masikio, na kikohozi na macho mekundu vilikuwepo kabla ya chupa kufunguliwa. Dawa ilijikuta njiani wakati surua inapita. Nilimwambia asiendelee nayo mpaka mtoto atazamwe, maana amoksilini haiui virusi vya surua. Namna ya vipele vya dawa ninayoiogopa kwelikweli ni ile ya malengelenge na ngozi kubanduka pamoja na vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri, ambayo septrini na dawa nyingine za jamii ya salfa zinajulikana kuileta. Hiyo ni dharura, na dawa inaachwa papo hapo.

Basi mama mkwe alikuwa sahihi kwa jina la ugonjwa. Vipele vinavyoanzia kwenye mpaka wa nywele na nyuma ya masikio, vikashuka usoni, kifuani na kufika miguuni kwa muda wa takriban siku 3, vikiwa na kikohozi, mafua na macho mekundu, ni surua mpaka vipimo viseme vingine. Niliuliza mambo mawili yaliyobaki. Kadi ya kliniki inasemaje? Tanzania mtoto huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Mtoto huyu hakuwa na hata moja: siku ya miezi 9 alikuwa na mafua, mama akaona amrudishe nyumbani apone kwanza, halafu wakasafiri. Mafua madogo hayazuii chanjo, na natamani maneno hayo yangeandikwa kwenye mlango wa kila kliniki. Hata hivyo, chanjo ya kwanza peke yake isingelifunga swali. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 15 hawapati kinga, na ndiyo sababu ipo ya pili. La mwisho: alikutana na mtoto mgonjwa? Ndiyo. Siku 12 kabla ya vipele walikuwa arusini, watoto wamelala chumba kimoja, mmoja wao anakohoa. Kutoka kuambukizwa hadi vipele kutokea ni wiki 2 hivi. Hesabu ilikaa.

Jibu langu lilikuwa: njoo leo, lakini usiingie kwenye foleni. Sehemu hii ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo sababu nafurahi mama anapotuma ujumbe kabla ya kupanda bodaboda. Surua husafiri kwa hewa. Mtoto akikohoa ndani ya chumba kisha akatoka, hewa ile inaweza kuambukiza hadi saa 2 baadaye. Sebule yetu ya kusubiria siku ya kliniki imejaa watoto wa miezi 2, 4 na 6, ambao umri wa chanjo ya surua haujawafikia. Kumleta mtoto huyu akae saa nzima kwenye benchi katikati yao ni kuzalisha wagonjwa wa wiki mbili zijazo. Nilimwomba afike saa 5, asimame chini ya mwarobaini ulio nje, apige simu, nami nimpitishe mlango wa pembeni hadi chumba chenye madirisha pande zote. Aje na kadi, chupa ya dawa aliyoinunua, na maziwa yake mwenyewe, maana mtoto atahitaji kunyonya njiani.

Kwa homa nilimpa maelekezo ya parasetamoli. Mtoto alikuwa na kilo 10 alipopimwa mara ya mwisho, na chupa aliyo nayo imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Kwa uzito huo mililita 5 inatosha, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Nilimwuliza kama ana dawa nyingine ya mafua nyumbani, kwa sababu baadhi ya dawa za mafua zina parasetamoli ndani yake, na mtoto akipewa zote mbili anapata dozi maradufu bila mama kujua. Aspirini asimpe hata chembe.

Kuhusu kuoga: mwogeshe, kwa maji ya uvuguvugu, umpanguse machoni kwa kitambaa safi. Wengi wetu tumekua tukisikia kwamba maji hurudisha surua ndani. Vipele vya surua ni kazi ya kinga ya mwili ikipambana na virusi kwenye ngozi, na maji hayawezi kuvirudisha popote. Namweleza mama mkwe kwa heshima, kwa simu hiyo hiyo, maana yeye ndiye anayeshika beseni. Jambo ambalo yuko sahihi nalo, na namshukuru, ni kumweka mtoto mbali na mwanga mkali. Macho yanamuuma.

Alipofika, nilimhesabia pumzi. Hili halifanyiki kwa kukisia: unafunua shati, unasubiri mtoto atulie au anyonye kisha aache, unatazama tumbo likipanda kwa dakika 1 kamili. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka, na kwa mwenye surua maana yake huenda nimonia imeshaingia. Wake zilikuwa 36. Mdomoni alikuwa na vidonda vidogo visivyo na kina, kioo cha jicho kilikuwa kisafi bila ukungu. Ukungu kwenye jicho au vidonda vikubwa vya kinywa vingempeleka hospitali moja kwa moja.

Tulichukua damu ya kupeleka maabara, kwa kuwa kila anayeshukiwa surua huripotiwa, na tukampa vitamini A ya yuniti 200,000, ile tembe nyekundu inayokatwa ncha na kukamuliwa kinywani, na nyingine kesho yake. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa nusu ya hiyo. Surua hukomba vitamini A mwilini kwa kasi, na macho ndiyo hulipa. Watoto wamepofuka kwa surua ambayo vinginevyo ilipona. Hakuna dawa ya kuua virusi vyenyewe. Tunachokilinda ni macho, mapafu, masikio na maji ya mwili, huku kinga ikimaliza kazi yake.

Akaniuliza kuhusu mtoto wa wifi yake, wa miezi 7, wanayelala naye nyumba moja. Chanjo ya surua ikitolewa ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa inaweza kuzuia ugonjwa au kuupunguza makali, hata kwa mtoto aliyetimiza miezi 6. Kwa bahati mbaya mgonjwa wa surua huambukiza kuanzia siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada yake. Vipele vilitoka Jumatano, kwa hiyo mtoto wa wifi amekuwa akivuta hewa ile tangu Jumamosi iliyopita. Saa 72 zilikuwa zimekwisha wakati kila mtu nyumbani akidhani ni mafua. Yeye alihitaji kutazamwa kwa makini na kuletwa mara homa ikianza. Mtoto wa jirani, yule wa “harara”, alikuwa ameingia nyumbani kwao mara ya kwanza jana. Huyo bado alikuwa na muda, akachanjwa alasiri ile.

Jumapili ukaja ujumbe mwingine: “Dada nesi, vipele vya usoni vimekuwa vyeusi, ngozi inabanduka kama unga. Homa imepungua. Ila anapumua harakaharaka. Nije tena?”

Weusi na kubanduka ni kupona. Vipele vya surua hufifia kwa mpangilio ule ule vilivyokuja, uso kwanza. Kama ujumbe ungeishia hapo ningemwambia abaki nyumbani. Nilimwomba amfunue tumbo, atazame saa ya simu, ahesabu dakika 1. Akarudi na 48. Nimonia ndiyo inayoua zaidi kwa surua, na huja hivi, siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Safari hii alikuwa na dawa ya kutumia, amoksilini ile ile tuliyoisimamisha Ijumaa, kwa dozi ya nimonia na kwa sababu ya kweli. Mlango wa pembeni tuliuacha wazi tangu saa 3.